Eyotaru, Fidia, na Maji ya Ajia

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane. Hapana, nimekosea, niandike vizuri: ilikuwa kumi na tisa, mwezi wa pili, kwa sababu kitabu nitakachokitaja kilitoka mwisho wa mwaka uleule, na hakijazoeleka bado corona ikafunga makanisa. Arua ilikuwa haijaitwa siti, yaani jiji. Basi, ni kumi na tisa.

Naandika habari za Eyotaru. Huyu ni mama wa Koboko anayeuza unga wa muhogo sokoni siku sita, na siku ya saba anasimama kanisani kando ya mhubiri akigeuza maneno yake kuwa Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha sokoni. Amezaliwa Ajia, upande wa Arua, akaolewa Koboko, akabaki mjane huko. Si mtu mkubwa. Picha yake haijatoka gazetini hata siku moja. Lakini nilimwona akiwakatalia watu waliosoma, na nilikuwa nimekaa karibu, kwa hiyo naweza kusema.

Mimi ni fundi wa cherehani. Natembea Koboko, Omugo, Arua, popote sindano imevunjika, nikilala nilipofika. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Mtu aelewe kwanza ukalimani wake. Siku moja alikuja mhubiri mgeni, suti nzito kwenye joto la Koboko, akasema kwa Kiingereza neno moja refu la kikanisa. Eyotaru akanyamaza. Mhubiri akangoja. Watu wakangoja.

"Baba, rudia," Eyotaru akasema.

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Kusikia, nimesikia. Nauliza wewe mwenyewe iko najua maana yake?"

Kanisa likacheka mpaka watoto wakaamka. Mhubiri akafuta jasho, akalieleza neno lake kwa maneno madogo, na Eyotaru akayageuza. Baadaye wazee walimkemea. Akawajibu kwamba yeye hawezi kubeba mzigo ambao haujafunguliwa akaonyeshwa ndani.

Kwa sababu ya mdomo huo ndipo alipoitwa Arua.

Juu kwenye kilima cha Arua, katika nyumba moja ya zamani ya veranda pana, kamati ya tafsiri ilikuwa imepanga vyumba viwili. Ilikuwa inatengeneza kitabu kidogo cha masomo ya mateso ya Yesu kwa Kiswahili cha huku, kisomwe katika makanisa ambayo watu wamechanganyika: Walugbara, Wakakwa, Wakongo wa biashara, na wakimbizi wa Omugo. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Jude, mtu wa saa na kalenda. Mtaalamu wa lugha alikuwa Basile, Mkongo aliyesoma Bunia, anajua Kigiriki cha zamani, mpole, miwani imefungwa uzi.

Kazi ya Eyotaru iliitwa kupima. Sikujua kwamba tafsiri hupimwa kama nguo. Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza, Basile akanieleza: unaenda kwa watu ambao hawajalisikia somo lile kwa maneno hayo. Unawasomea mara mbili. Halafu unawaambia walisimulie kwa maneno yao. Kisha maswali manne: nani alitoa, alitoa nini, alimpa nani, kwa nini. Anayeuliza hafundishi, hatikisi kichwa, haulizi swali lenye jibu ndani yake. Na wa pili anaandika kila neno kama lilivyotoka mdomoni, hata likiwa la aibu. Chini ya karatasi kuna visanduku viwili, "wameelewa" na "hawakuelewa", na mahali pa kutia sahihi.

"Huyo wa pili atakuwa Mzee Yengi," Eyotaru akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Amefika darasa la tano tu, lakini mwandiko wake ni mkubwa, hata panya anaweza kusoma."

Basi mimi nikawa mwandishi.

Somo lililotusumbua ni fupi. Ni pale Yesu anaposema kwamba hakuja kutumikiwa, amekuja kuutoa uhai wake kwa ajili ya wengi. Uhai wake uwe nini? Hapo ndipo penye neno. Basile alisema Kigiriki kinataja bei, ile iliyotolewa ili mtumwa au mateka aachiwe. Kwa Kiswahili kamati ilikuwa na maneno matatu mezani: kafara, ukombozi, fidia.

Kafara tuliipima Omugo, kwa akina mama waliokuwa wakitwanga simsim, ufuta wa huku. Eyotaru alisoma. Alipofika kwenye kafara, mama mmoja akamvuta mwanawe akamkalisha mapajani.

"Nani alitoa?" Eyotaru akauliza.

"Wale matajiri," mama akajibu. "Wanaochinja mtoto, wanamuweka chini ya nyumba ya ghorofa. Mama, hiyo maneno unasomea watu mchana hivi?"

Nikaandika vilevile. Neno ambalo huko lilikotoka ni la kufuta dhambi, hapa limekwisha kutekwa na habari za redio na waganga. Basile aliposoma karatasi alilikata neno kwa kalamu.

Ukombozi tuliupeleka Koboko. Hapo Eyotaru alifanya jambo ambalo kamati haikumtuma: alimwuliza Kaltumu, jirani yake wa meza sokoni, Mnubi, Mwislamu safi. Mchungaji Jude baadaye alisema Waislamu hawamo kwenye orodha. Eyotaru akamwuliza kama kuna Kiswahili cha Wakristo na Kiswahili kingine cha Waislamu, au ni kimoja tunanunulia chumvi.

Kaltumu aliposikia ukombozi aliweka chini kipimo cha unga.

"Wakombozi? Wanatoka wapi tena?" akasema. Akacheka, lakini si kicheko. "Mimi nilikimbia wakombozi na mtoto mgongoni, mpaka ng'ambo ya mpaka. Miaka sita tumelala huko. Wewe Eyotaru, mama yako hakukimbia?"

"Alikimbia."

"Basi neno hiyo weka mbali."

Wanajeshi walioingia baada ya vita vya sabini na tisa waliitwa hivyo, na wazee wa huku hawajasahau. Kijana hasikii kitu, anaimba Mkombozi kanisani vizuri kabisa. Mzee anaimba pia, lakini angalia macho yake.

"Na fidia?" Eyotaru akauliza.

Uso wa Kaltumu ukafunguka. "Fidia ni nzuri. Mimi natoa kila Ramadhani. Sukari inanikataza kufunga, basi nalisha maskini, siku kwa siku. Fidia ni ya mutu ameshindwa. Mwili umekataa, unatoa kitu kingine mahali pake, Mungu anapokea."

Eyotaru alirudia njia nzima: ni ya mtu ameshindwa. Alifurahi sana. Na kusema kweli hata mimi nilifikiri kazi imekwisha, tumepata neno.

Ikabaki Ajia.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kamati haikulijua, na Eyotaru hakulisema mpaka tumekaa kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma na mkoba wa karatasi.

"Mzee Yengi, tukifika mimi sitakunywa maji. Wewe kunywa. Usiniulize mbele ya watu."

Miaka mingi nyuma, kaka yake alimwua kijana mmoja Ajia kwenye ugomvi wa kwete, pombe ya mahindi. Alifungwa, akafia gerezani. Lakini jela ni mambo ya serikali. Ukoo wake ulipaswa kulipa ng'ombe kwa ukoo wa yule aliyeuawa, ndipo mbuzi achinjwe, pande mbili zikale pamoja. Halikufanyika. Na mpaka lifanyike, watu wa pande hizo mbili hawali chungu kimoja, hawanywi maji ya nyumba moja. Anayevunja, ugonjwa unakwenda kwa watoto. Eyotaru alimzika mama yake Ajia bila kuonja hata maji ya kisima cha nyumbani kwao, kwa sababu pande zote mbili wanachota humo.

Na jina la kwanza kwenye orodha ya kamati, mzee anayejua Kiswahili tangu jeshini, lilikuwa Ayiko. Baba wa yule kijana.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikauliza.

"Wangemtuma mwingine. Mwingine atasoma haraka haraka."

Ayiko tulimkuta barazani akifunga majani ya tumbaku, na majirani watano sita wanamsaidia. Alimtambua. Alisema karibuni, akaniletea mimi maji, na hakumletea yeye, hakuna aliyeshangaa. Eyotaru akakaa kwenye mkeka wa pembeni, akasoma mara mbili. Fidia.

Ayiko alifunga fungu zima kabla hajajibu.

"Nimesikia," akasema. "Ukoo wa Mungu waliua mutu."

Mkono wangu ukasimama. Eyotaru akanigusa kiwiko: andika.

"Nani alitoa?" akauliza, sauti ileile.

"Baba yake huyo Yesu. Alitoa mtoto wake. Kama ng'ombe hakuna, unatoa mutu. Zamani ilikuwa hivyo, walitoa msichana."

"Alimpa nani?"

"Watu waliofiwa."

"Kwa nini?"

"Mama, nani analipa fidia? Si yule aliyemwaga damu? Sasa wewe niambie, watu wa Mungu waliua nani? Kitabu hakisemi." Majirani wote wakaitika. Mmoja akaongeza kwamba walau ukoo huo walilipa.

Eyotaru aliangalia karatasi, hakuinua kichwa. Hakufundisha. Hakusema hapana Baba, umekosea. Sheria ya kazi ilikuwa hivyo, naye aliishika akiwa amekalia mkeka ambao hata kuukalia kulikuwa kugumu. Aliaga, tukaondoka.

Njiani alisema, "Kwa Kaltumu neno ni la mutu ameshindwa. Kwa Ayiko ni la mutu ameua. Neno lilelile moja."

Mkutano ulikuwa Ijumaa. Mchungaji Jude alikuwa na karatasi zote mbele yake na tarehe ya mpiga chapa ukutani.

"Fidia ndiyo," akasema. "Tafsiri ya pwani inayo, Koboko wameipenda, Basile anasema inafaa. Mama Eyotaru, karatasi ya Ajia haina alama. Tia 'wameelewa', weka sahihi, twende."

"Hawakuelewa, Mchungaji."

"Wamelijua neno. Wamesema fidia ni malipo ya kuondoa kosa. Hayo si sahihi?"

"Sahihi. Na wamesema Mungu ni mwuaji."

"Huyo ni mzee mmoja."

"Saba. Yengi amewaandika wote."

"Wazee wa kijijini, Mama. Tutawafundisha kanisani."

Hapo Eyotaru akasimama. Ni mfupi, lakini chumba kile kilikuwa kidogo pia.

"Mchungaji, hao si wajinga. Wanajua fidia kuliko mimi na wewe na Papa Basile. Ninyi mmeisoma. Wao wanalala nayo. Mimi pia nalala nayo." Akawaeleza yote, kaka yake, ng'ombe, maji. Hakulia. "Huku anayelipa ni aliyekosa. Maandiko yanasema aliyelipa ni yule aliyekosewa. Hiyo ndiyo habari yenyewe! Ukiiondoa hiyo, unawapa watu desturi yao wanayoijua, na Mungu ndiye mshitakiwa. Mimi siwezi kuandika kwamba wameelewa."

"Tukichelewa, mpiga chapa atachukua kazi nyingine. Pasaka itapita."

"Ipite."

"Basi nitatia mimi alama."

"Tia. Lakini karatasi hii ni kinywa cha Mzee Ayiko. Ukitia kalamu yako hapo, umemtia maneno mdomoni. Na mimi nitasema kila mahali, kuanzia soko la Koboko."

Basile ndiye aliyejibu. Alivua miwani. "Mwenyekiti, Mama iko na haki. Shida yetu ni hii: katika maandiko yenyewe hakuna maneno 'yule aliyekosewa'. Hayo yako mahali pengine, hapa hayapo. Tukiyaingiza ndani ya mstari, tumekuwa waandishi, si watafsiri. Lakini batu wakisikia kinyume, tumekuwa waongo."

"Chagua," Mchungaji akasema.

"Tupime tena. Fidia ileile, na sentensi moja ya maelezo. Tuone maelezo yanafanya nini. Kama hayafanyi kitu, tunaacha."

Mchungaji alitupa wiki moja. Sentensi aliitunga Eyotaru, Basile akaipunguza neno moja: "Hapa aliyelipa si aliyekosa, ni yule aliyekosewa."

Tukarudi Ajia. Ayiko barazani, tumbaku ileile. Maji yakaja kwangu. Eyotaru akasoma somo, akasoma sentensi, akarudia.

Ayiko akaliacha fungu likafunguka lote miguuni.

"Nani amesema hivyo?"

"Ndivyo inavyosomwa, Baba."

"Aliyefiwa alipe? Amelia, amezika, halafu yeye tena alipe ng'ombe?" Alisimama. Ni mrefu, na uzee haujamkunja. "Hiyo si haki! Kwa nani mmesikia mambo hayo? Mtoto wangu amelala pale, pale, unaona? Na wewe unakuja nyumbani kwangu, wewe, wewe damu ya yule, kunisomea kwamba mimi ndiye nilipe?"

"Sikusema wewe, Baba. Nimesoma Mungu."

"Mungu alipe mambo yake!"

"Ndiyo inasema amelipa."

Majirani walikuwa wametazama chini. Mimi niliandika. Eyotaru alibaki ameketi. Maswali manne yalikuwa bado, naye aliyauliza, moja baada ya jingine, kwa sauti isiyopanda. Nani alitoa? Mungu. Alitoa nini? Mtoto. Alimpa nani? "Hata sijui," Ayiko akasema, "kwa sababu hakuna aliyemdai." Kwa nini? Aliingia ndani.

Tulikusanya karatasi. Ndipo akatoka na kikombe cha bati kimejaa maji. Mimi nilikuwa na changu. Hakunipa, hakumpa yeye. Alikiweka chini, katikati ya mkeka wa Eyotaru na fungu lake la tumbaku, akarudi kukaa, akaanza kufunga majani upya kana kwamba hatupo.

Eyotaru alikitazama kikombe kile muda mrefu. Hakukigusa. Wala hakukisukuma.

"Nimeona, Baba," akasema.

Tukaondoka. Pale barabarani aliiomba karatasi, akaiweka juu ya goti, akatia alama kwenye "wameelewa", na sahihi.

Kwenye kilima, Mchungaji Jude aliisoma akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama, safari ya kwanza mzee amekubali, ukaandika hakuelewa. Safari hii amekataa kwa kelele, umeandika ameelewa. Hii kazi imekuwa namna gani?"

"Mara ya kwanza hakukasirika kwa sababu hakukuwa na kitu kipya," Eyotaru akasema. "Sasa amesikia. Habari hii ukiisikia kweli, na mtoto wako amelala pale, utakasirika. Mimi ningekuwa yeye ningerusha kiti."

Basile alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika.

Walifikia nusu ya njia. Fidia ikabaki ndani ya mstari. Sentensi ya Eyotaru ikachapwa chini ya ukurasa, herufi ndogo, na nyota. Na baada ya hapo hakuitwa tena kupima. Hawakumfukuza, simu tu haikulia. Mimi nikarudi kwenye cherehani.

Kitabu kilipofika Koboko nilikuwepo kanisani. Msomaji, kijana wa shati jeupe, alisoma vizuri mpaka kwenye nyota, akaipita, akaendelea. Eyotaru akainuka kutoka benchi la tatu.

"Rudi. Umeacha mstari."

"Mama, hiyo iko chini. Hiyo haisomwi."

"Nani aliyesema haisomwi? Hawa wote hawana kitabu, wana masikio. Masikio hayana chini ya ukurasa." Akausoma mwenyewe, kwa kichwa, watu wamegeuka kumtazama.

Barua ilitoka Arua, ya heshima, ikimwomba asiongeze sauti kwenye somo. Somo liliposomwa tena, aliusoma. Na mara iliyofuata. Mzee mmoja wa kanisa alimshika mkono wa kitenge akimwambia akae, Eyotaru akasema, "Nikae, halafu nani asimame?" Makanisa yalipofunguliwa tena baada ya corona, wa kwanza kuusoma alikuwa yeye. Mpaka leo, somo lile likifika, kijana hufika kwenye nyota, hunyamaza, hutazama benchi la tatu. Amechoka kushindana. Wengine wameanza kuusema pamoja naye, na kati yao wapo wasiompenda.

Ng'ombe hawajalipwa. Mbuzi hajachinjwa. Eyotaru akienda kaburini kwa mama yake Ajia hubeba maji yake kwenye chupa kutoka Koboko. Hayo hayajabadilika, na sitaki mtu afikiri kitabu kiliyabadilisha.

Lakini mimi nakifikiria kikombe kile. Nilimwuliza Eyotaru, akasema nitengeneze cherehani zangu. Nilimwuliza Basile, akasema Kigiriki hakimsaidii hapo. Mwaka jana nilipita Ajia nikamwuliza Ayiko mwenyewe, amezeeka sana sasa, akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani. Basi nawauliza ninyi mnaosoma: alipoyaweka maji yale katikati, mzee yule alikuwa anadai, au alikuwa analipa?